Mfuatwa si Mwombaji: Juu ya Barua ya Kwanza ya Wakala wa Ajira

Wakala wa ajira mara nyingi huwaandikia watu ambao hawakumwomba lolote. Mtu yuko kazini kwake, analipwa, hajasoma tangazo lolote la nafasi, na ghafla anapata ujumbe wa kumwuliza iwapo angependa kusikia habari za kazi nyingine. Ujumbe huo wa kwanza umeanza kuletwa kwa wafasiri wetu kama kielelezo cha kutiwa katika Kiswahili, na walimu wa uandishi wa barua za ofisini nao wanaulizwa juu yake. Katika makala hii tunakusudia kueleza ni barua ya namna gani, na kwa nini tafsiri nyingi tulizoziona zimeiharibu. Kwa maoni yetu, kosa huanzia kwenye istilahi kabla halijafika kwenye sentensi.

Lugha ya Kiingereza ina jina moja kwa kila mtu anayefikiriwa kupewa kazi, awe ameomba au hakuomba. Humtenga yule asiyetafuta kwa kumwongezea sifa yenye maana ya kutotenda. Mfasiri afuataye neno kwa neno hufikia "mgombea asiye hai", jambo ambalo lingewashtua ndugu zake. Wengine wameandika "mtahiniwa tulivu", kana kwamba yupo mtahiniwa mwenye fujo. Walio wengi huandika "mwombaji" na kuendelea na kazi, wakidhani wamesalimika. Hapo ndipo penye hatari zaidi, maana "mwombaji" ni neno la Kiswahili safi ambalo hapa linasema uongo. Mtu huyu hakuomba. Aombaye ni yule aliyeandika barua.

Tunapendekeza neno "mfuatwa". Kiswahili husema "nilimfuata kwake" kwa maana ya kumwendea mtu mahali alipo kwa ajili ya haja fulani, na umbo la kutendwa limekwisha kutupatia "mtahiniwa", "mshtakiwa" na "mposwa". Twajua kwamba mfuatwa aweza pia kuwa kiongozi mwenye wafuasi, lakini muktadha utatosha kutenganisha maana hizo mbili. Kuhusu mwandikaji, tusimwite "mwajiri", kwani mwajiri ndiye atakayelipa mshahara. Neno "wakala wa ajira" limekwisha kuzoeleka, nalo linatosha. Mwenzetu mmoja alipendekeza "mshenga". Hatukulikubali kuwa istilahi, ila limetusaidia kuielewa kazi yenyewe: mshenga hubisha hodi, hujitambulisha, husema katumwa na watu wa namna gani, na hafiki mlangoni akidai kuonyeshwa vyeti.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Kiwanda cha unga cha Mwanza kinahitaji mkuu wa matengenezo ya mitambo. Wakala amemwona mhandisi mmoja afanyaye kazi katika kiwanda cha saruji huko Tanga. Barua iliyofasiriwa kwa kumdhania mfuatwa kuwa ni mwombaji husomeka hivi:

"Mpendwa mwombaji, tunakutangazia nafasi nono ya Mkuu wa Matengenezo katika kampuni inayoongoza. Unatakiwa uwe na shahada ya uhandisi na uzoefu usiopungua miaka 10. Tuma wasifu wako, nakala za vyeti na majina ya wadhamini watatu kabla ya tarehe 15. Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa."

Kisarufi haina kosa, lakini haielekei kupata jibu. "Unatakiwa" ni amri, na mtu aliye na kazi yake hana sababu ya kutii. Sifa zinazodaiwa anazo tayari, na wakala anajua kuwa anazo. Kumdai tena ni kumwonyesha kwamba hakuna aliyemwangalia, na kwamba barua hiyo wamepelekewa watu mia. Neno "nono" halimwambii kitu. Wadhamini watatu ni jambo baya kuliko yote, kwani mmoja wao angekuwa mkubwa wake wa kazi wa sasa. Yaani mhandisi anatakiwa amwarifu bosi wake kuwa anafikiria kuondoka, kabla hata hajaambiwa ni kazi ipi. Sentensi ya mwisho, iliyonakiliwa kutoka katika matangazo ya magazeti, inamtishia kwa kunyimwa kitu ambacho hakukitaka.

Sasa tuiandike upya, tukikumbuka nani anaomba:

"Mhandisi, salamu. Mimi ni wakala wa ajira wa hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilisikiliza maelezo yako katika mkutano wa wahandisi juu ya namna mlivyopunguza kusimama kwa tanuri, nayo ndiyo sababu ya kukuandikia. Kiwanda kimoja cha unga kinatafuta mtu wa kusimamia mitambo yake miwili. Wa pili haujafungwa bado, na atakayeshika kazi ndiye atakayepanga ufungaji wake. Mshahara ni kati ya shilingi milioni 4 na milioni 5 kwa mwezi kabla ya makato. Sijui kama unafikiria kuhama, na huenda hufikirii. Ukipenda kusikia zaidi, niambie lini nikupigie kwa dakika 15 baada ya saa za kazi. Kama sivyo, neno moja latosha, nami sitakusumbua. Sijamtajia mtu yeyote jina lako."

Msomaji aangalie kwanza mahali sababu ilipowekwa. Imetangulia kazi yenyewe, kwa kuwa swali la kwanza la mfuatwa ni "kwa nini mimi?" Sababu hiyo lazima iwe ya mtu mmoja tu. "Nimevutiwa na uzoefu wako mkubwa" yaweza kuandikwa kwa yeyote, na wapokeaji wamekwisha kuijua. Kipimo chetu ni rahisi: ondoa jina la mpokeaji, weka la jirani yake kazini, ikiwa barua bado inafaa, haijaandikwa. Sababu hiyo pia inajibu swali la pili, yaani "jina langu umelipata wapi?" Katika Tanzania swali hilo lina uzito zaidi tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kisha kuna jambo la kumvuta mtu. Asiye na kazi huvutwa na kazi. Aliye nayo huvutwa na kile ambacho kazi yake haimpi, na wakala hawezi kukijua kwa hakika kabla ya mazungumzo. Hukisia jambo moja, akalitaja bila chumvi. Hapa amekisia kwamba mhandisi aliyekaa muda mrefu akitunza mitambo ya watu wengine angependa kufunga wa kwake. Akikosea, barua itakuwa imekosea mahali pamoja. Orodha ya majukumu 12 haikisii kitu, na kwa sababu hiyo haimgusi mtu.

Juu ya mshahara kuna mabishano. Mawakala wengi huuficha, ama kwa agizo la mwajiri, ama kwa kuogopa kufunga mlango mapema. Sisi tunaona kiwango kitajwe kila kinaporuhusiwa. Anayepata milioni 6 atakataa mara moja, na wakala ataokoa wiki mbili. Jina la kiwanda ni suala tofauti. Huenda mkuu wa matengenezo wa sasa bado yupo kazini wala hajaambiwa, na kulitaja ni kumfukuza kwa barua ya mtu mwingine. Hata hivyo ufiche usizidi. Barua isiyotaja mji, aina ya kiwanda wala jina la mwandikaji hufanana mno na zile za matapeli wanaouza kazi zisizokuwapo. Mfasiri asiache mashaka juu ya nani hulipa: Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, ingawa nchi zimeruhusiwa kuweka vighairi vichache. Barua ya kwanza inayodai "ada ya usajili" yatosha kutupwa.

Njia ya kupelekea nayo ni sehemu ya maana. Barua ikipita katika anwani ya kazini, mwajiri aweza kuisoma, na mfuatwa ataulizwa juu ya barua ambayo hakuiomba. Mawakala wengi sasa hutumia LinkedIn, mtandao uliofunguliwa mwaka 2003. Ndani yake mna ujumbe wa kulipia uitwao InMail, unaomfikia mtu asiyefahamiana na mwandikaji. Aliyeupeleka hurudishiwa malipo yake mpokeaji akijibu ndani ya siku 90, hata kama jibu ni la kukataa. Ndiyo kusema "hapana" ina thamani kwa wakala, na mfasiri anayeondoa sentensi ya "neno moja latosha" kwa kudhani ni unyonge, anaondoa kitu chenye kazi.

Ujumbe wa InMail unaruhusiwa kufika alama 1,900. (Twasema "alama" badala ya "herufi", kwa kuwa nafasi na nukta huhesabiwa pia.) Barua yetu haifiki nusu ya hapo. Lakini maneno yanayoambatana na mwaliko wa kuunganishwa hayazidi alama 300, nayo haitaingia. Hapo libaki lile la mkutano wa wahandisi, aina ya kazi na mji, na ombi la dakika 15, mshahara usubiri. Wapo wanaojaribu kuokoa nafasi kwa kufuta salamu. Huo si uchumi mzuri kwa Kiswahili, na kwa mhandisi mwenye umri mkubwa neno "Mhandisi" peke yake limekwisha kubeba heshima.

Yafaa watumishi wa umma wakumbuke kuwa barua ya namna hii haina nafasi katika ajira za serikali, ambazo hutangazwa na kushindaniwa. Anayemwandikia mtu kwa siri akimwahidi cheo serikalini hana cheo cha kumpa.

Lililobaki ni jibu. Asipojibu ndani ya wiki moja, wakala aweza kumkumbusha mara moja kwa mistari miwili, akiongeza habari mpya, kwa mfano kwamba nyumba imepatikana. Baada ya hapo anyamaze. Mfuatwa akijibu "asante, si kwa sasa", tumeona likifasiriwa kuwa ni kukataa, na jina lake likafutwa. Kiswahili kina "hapana" na kina "si kwa sasa", na wasemaji hawayachanganyi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka taarifa ya siku 28 kabla ya kuacha kazi. Na huyu huenda ana mkopo wa mwajiri unaokwisha Desemba, au mtoto aliye kidato cha nne. Wakala amwulize kama aweza kumwandikia tena, na lini, kisha aandike tarehe hiyo katika daftari lake.