Zelda Ileile, Vitu Vimehama: Panga Mbio za Randomaiza na Mabeshte Bila Mtu Kuiba

Kama umemaliza A Link to the Past mara tatu, unajua kila kisanduku kina nini. Hapo ndipo randomaiza inaingia. Ramani ya mchezo huo wa Super Nintendo wa mwaka 1991 inabaki vilevile, lakini vitu vyote muhimu vinachanganywa kama karata. Nyundo inaweza kuwa kwenye kisanduku nyumbani kwa mtu, na upinde ukawa kwa bosi fulani. Kuna sehemu 216 za kutafuta, na kazi yako ni kujua uanzie wapi.

Utamu wenyewe ni mbio. Wewe uko Kayole, beshte yako yuko Umoja, mnacheza mchezo uliochanganywa sawasawa, na wa kwanza kumaliza ndiye bingwa. Lakini kama hamjaelewa mambo matatu, yaani mbegu, mwakenya na mipangilio, mbio zitaisha kwa ugomvi kwenye grupu ya WhatsApp.

Kwanza, faili lenyewe

Tovuti ya alttpr.com haikupi mchezo. Inakupa mabadiliko tu, na wewe unaleta faili lako ulilotoa kwenye kaseti yako halali. Zile kaseti za TV game tulizokuwa tukibadilishana Buruburu hazisaidii hapa, hizo ni za mashine nyingine kabisa.

Tena si kila toleo la Zelda linakubalika. Linalotakiwa ni la Japani, toleo 1.0, lenye baiti 1,048,576. La Marekani litakataliwa hata kama mchezo unaonekana uleule, kwa sababu ndani yake vitu vimepangwa kwa anwani tofauti. Kwenye Windows, hakikisha hivi:

```
certutil -hashfile zelda.sfc MD5
```

Jibu liwe hili, herufi kwa herufi:

```
03a63945398191337e896e5771f77173
```

Ikitofautiana hata herufi moja, hilo si faili sahihi. Likiwa sawa, tovuti inalihifadhi kwenye brauza yako, kwa hivyo hutaulizwa tena. Ukiwa saiba, au ukibadilisha brauza, utalileta upya, basi tembea nalo kwenye flashi. Bando lako halitaumia, kwa sababu mchezo uliokamilika ni kama MB 2 tu. Unaufungua kwa emuleta kama Snes9x kwenye kompyuta, au RetroArch kwenye simu.

Mbegu

Kompyuta haiwezi kubahatisha kama mtu anayerusha shilingi. Inaanza na nambari moja, na kutoka hapo inapiga hesabu kuamua nyundo iende wapi na viatu viende wapi. Hiyo nambari ndiyo mbegu, ile utakayoona kwenye skrini ikiitwa `seed`. Ukianza na nambari ileile, hesabu inatoa mpangilio uleule.

Lakini chunga hapa, ndipo wengi wanateleza. Mbegu peke yake haitoshi. Mpangilio unatokana na mbegu, mipangilio uliyochagua na toleo la randomaiza, vyote pamoja. Badilisha kimoja na mchezo umekuwa mwingine. Ndiyo maana hutumi nambari, unatuma linki. Tovuti ikishatengeneza mchezo, inaupa linki yake, na kila anayeifungua anapata mchezo uleule.

Mtajuaje kwamba hakuna aliyekosea linki? Kwenye skrini ya kuchagua faili la kuanza kucheza kuna picha tano ndogo za vitu vya mchezo. Someni kwa sauti kwenye simu, moja baada ya nyingine. Zikilingana zote, kwa mpangilio, mko pamoja. Moja ikitofautiana, simamisheni hapo hapo kabla saa haijaanza. Rangi ya mioyo au sura ya mhusika wako hazina neno, hizo ni mapambo.

Mwakenya

Ukitengeneza mchezo wa kawaida, unapata pia `spoiler`, orodha inayosema kila kitu kiko wapi. Ni mwakenya kamili. Ndani yake kuna sehemu iitwayo `playthrough`, inayoonyesha njia moja ya kumaliza, hatua kwa hatua. Tuseme inasema hivi, nimeifupisha:

```
1  Link's House   Pegasus Boots
2  Library        Bottle
3  Sick Kid       Flippers
4  Hobo           Hammer
```

Soma kama mnyororo. Viatu viko nyumbani kwako, vinakuwezesha kukimbia na kugonga rafu ya maktaba. Juu ya rafu kuna chupa. Mtoto mgonjwa hakupi kitu bila chupa, na sasa anakupa mapezi ya kuogelea. Ukiogelea unamfikia yule jamaa anayelala chini ya daraja, na yeye ndiye mwenye nyundo.

Mnyororo huo ndio unaothibitisha kwamba hukwami. Mashine inapopanga, haiwezi kuweka mapezi kwa jamaa wa darajani, maana ungehitaji mapezi ili kuyafikia mapezi. Kwa hivyo ukikwama, karibu kila mara kuna mahali umepita bila kufungua. Njia nzuri ya kujifunza ni kucheza bila kuangalia, kisha ukimaliza, au ukishindwa kabisa, fungua mwakenya uone ulipotea kwenye hatua ya ngapi.

Mipangilio ya mbio

Kwa mbio, tengeneza mchezo wa `race`, usio na mwakenya. Hapo hata aliyeutengeneza hajui chochote, kwa hivyo hakuna haja ya kumtafuta refa wa kubonyeza kitufe. Mkitumia mchezo wa kawaida, mtu mmoja anaweza kuchungulia na hamtaweza kuthibitisha. Ukiona beshte anaenda moja kwa moja mahali ambapo hakuna mtu huanzia, utabaki kushuku tu.

Kisha kubalianeni mambo mawili. La kwanza ni mwanzo, yaani `World State`. Kwa `Standard` unaanza kwa kumwokoa Zelda kwenye kasri, kwa hivyo wote mnapita njia moja kwanza. Kwa `Open` Zelda ameshaokolewa na unaenda unakotaka tangu dakika ya kwanza. Mgeni aanze na `Standard`.

La pili ni lengo, yaani `Goal`. Kwa `Defeat Ganon` lazima upande mnara wake na umshinde Agahnim huko juu, ndipo shimo la kumfikia Ganon lifunguke. Kwa `Fast Ganon` shimo liko wazi tangu mwanzo, lakini kwa kawaida Ganon haumii mpaka uwe na fuwele 7. Ukiruka ndani bila hizo, umepoteza muda bure. Fupisha mbio kwa `Fast Ganon` kama ni siku ya kazi.

Mwisho, hakuna kutumia `save state` ya emuleta, kwa sababu mtu anaweza kufungua kisanduku, aone ni rupia tano, arudi nyuma kama hakufungua. Hifadhi kwa njia ya mchezo wenyewe. Na kwa sababu stima za Eastlands zina mambo yake, amueni mapema: ikipotea kwa mmoja, saa inaendelea au mnatengeneza mbegu mpya? Msiirudie ileile kesho, kwa sababu yule aliyecheza dakika arobaini tayari anajua nusu ya majibu, na mbegu hiyo imeshakuwa mwakenya.