Mstari, Gimba na Ganda: Uanze na Programu Ipi ya CAD?

Tuseme kitufe cha kuzungushia sauti ya redio kimevunjika, nawe unataka kukichora upya kwenye kompyuta ili kichapishwe kwa printa ya 3D. Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakutajia Inkscape, wa pili FreeCAD, wa tatu Rhino. Zote ni programu nzuri, ila kila moja inakihifadhi kitufe chako kwa namna yake, na hapo ndipo penye uamuzi.

Inkscape huchora kwa vekta. Ukichora duara, haihifadhi vidoti kama picha ya simu, bali mahali pa kitovu na urefu wa nusu kipenyo. Kwa hiyo hata ukilikuza mara mia, ukingo haufifii. Lakini duara hilo halina kimo. Kitufe chako kitabaki kivuli kilichotazamwa kutoka juu, na printa haitakuwa na cha kujenga. Vekta inafaa kwa kazi bapa, mfano kibao chenye namba 0 hadi 10 kinachokaa nyuma ya kitufe, ambacho fundi atakikata kwa leza. Kabla ya kumpelekea faili, geuza maandishi yawe mistari kwa amri ya Path > Object to Path, maana kompyuta yake ikikosa fonti yako, namba zitatoka kwa sura nyingine. Angalia pia kama kuna mstari uliolala juu ya mwenzake; leza itapita mara mbili na kuunguza ukingo.

Kitufe chenyewe kinataka gimba, yaani umbo ambalo programu inajua wapi ni ndani na wapi ni nje. FreeCAD hufanya hivyo. Pima kwanza kijiti cha redio kwa kalipa. Vingi vina kipenyo cha milimita 6, na upande mmoja umechongwa bapa hadi kubaki milimita 4.5. Fungua sehemu ya Part Design, chora duara la milimita 20, kisha uliinue kwa Pad hadi milimita 15. Chini yake chora tundu lenye upande bapa, ulitoboe kwa Pocket kina cha milimita 12. Tundu usilipe milimita 6 kamili: plastiki iliyochapishwa huliacha dogo kuliko ulivyochora, kwa hiyo anza na 6.2, na upande bapa uwe 4.7.

Wakati wa kuchora, mistari ikigeuka kijani ujue vipimo vimekamilika. Ikibaki na rangi yake ya mwanzo, kuna kitu bado kinaning'inia, na siku utakapobadilisha namba umbo linaweza kuteguka. Huu ndio utamu wa magimba: kitufe kikibana kwenye kijiti, hufuti chochote, unarudi kwenye mchoro wa tundu, unaandika 6.3, na kitu kizima kinajijenga upya. Kwa kuwa programu inajua kilichojaa, inaweza kukokotoa hata ujazo. Kitufe hiki ni kama sentimita 4.4 za ujazo, na kwa plastiki ya PLA, kikijazwa chote, ni gramu tano na nusu hivi.

Rhino kazi yake kubwa ni nyuso: ngozi zisizo na unene, kama ganda la yai lililokwisha kunyonywa. Hesabu za mikunjo ya namna hii zilikuzwa na viwanda vya magari vya Ufaransa. Miaka ya 1960 Pierre Bézier alizitumia Renault kuchora bodi za magari. Kama unataka ubavu wa mashua, au kitufe kilichofinyangwa kufuata vidole, nyuso hukupa uhuru ambao Pad na Pocket hazina. Bei yake ni kwamba mishono ni jukumu lako. Ngozi mbili zikiachana hata kidogo sana, kwenye skrini utaona kitu kizima, ila hakuna gimba, na printa inaweza kukosa kuta au kujaza pasipotakiwa. Rhino ina amri ya ShowEdges inayokuonyesha kingo zilizo uchi; kitu kilichofungwa vizuri hakina hata moja.

Kwa anayeanza, mimi ningeshika FreeCAD, na Inkscape pembeni kwa kazi za leza. Zote ni bure, na ukishazipakua hazihitaji bando. Onshape nayo ni ya magimba na ni rahisi kuizoea, lakini huendeshwa mtandaoni, na kwenye akaunti ya bure michoro yako huwa wazi kwa kila mtu. Nyuso zinaweza kungoja hadi upate umbo lililokataa kabisa kutoka kwenye duara na mistari.

Ukimaliza kitufe, utampa mwenye printa faili ya STL. Hiyo ni pembetatu tupu; namba 6.2 haimo tena ndani yake. Faili ya FCStd ibaki kwako, kwa sababu ndiyo utakayoifungua kitufe kikikataa kuingia.