Hifadhidata Kazini, Sehemu ya 4: Jibu Moja kwa Watazamaji Arobaini

Dashibodi ya ripoti huonekana kama picha iliyotulia, lakini nyuma ya kila jedwali na kila mchoro kuna hoja, yaani ombi la hesabu linalotumwa kwenye hifadhidata. Kila mtazamaji anapofungua ukurasa, hoja hutumwa upya, na ukurasa ukijiburudisha wenyewe hutumwa tena. Hifadhidata haijui kwamba imeulizwa jambo hilohilo sekunde tatu zilizopita. PostgreSQL, kwa mfano, huweka kwenye kumbukumbu kurasa za data ilizozisoma karibuni, lakini haiweki majibu. Hesabu ya kujumlisha hurudiwa tangu mwanzo.

Chukulia kampuni ya mabasi yenye jedwali la mauzo ya tiketi lenye safu milioni kadhaa. Dashibodi ya makao makuu huonyesha mapato ya kila njia kwa siku 30, kwa hoja kama hii:

```sql
SELECT njia, count(*) AS tiketi, sum(nauli) AS mapato
FROM mauzo
WHERE iliuzwa >= '2025-02-09 00:00+03'
  AND iliuzwa <  '2025-03-11 00:00+03'
GROUP BY njia;
```

Tuseme hoja hii huchukua sekunde 8, watazamaji ni 40, na ukurasa wa kila mmoja hujiburudisha kila baada ya sekunde 30. Hayo ni maombi 80 kwa dakika. Kila moja likila sekunde 8, kazi inayodaiwa katika dakika moja ni sekunde 640, ilhali dakika ina sekunde 60. Kwa wastani, basi, hoja 10 au 11 zitakuwa zinakimbia kwa pamoja muda wote, tena kwa mchoro mmoja tu. Seva yenye viini 8 vya kichakataji haiwezi kuhimili deni hilo. Foleni hurefuka, sekunde 8 zinakuwa 20, na anayeumia zaidi ni karani wa dirishani anayetaka kuandika tiketi moja kwenye hifadhidata hiyohiyo.

Dawa ni kache: jibu likishapatikana huwekwa mahali pa haraka, mara nyingi Redis, na anayekuja baadaye hupewa jibu hilo badala ya hesabu mpya. Hata hivyo hoja yenyewe ichunguzwe kwanza kwa `EXPLAIN ANALYZE`. Ikiwa inasoma jedwali zima kwa sababu safuwima ya `iliuzwa` haina faharisi, tatizo liko hapo, na kache italifunika tu hadi siku itakapofutika.

Jambo la kwanza la kuamua ni ufunguo, yaani jina ambalo jibu litahifadhiwa chini yake. Maswali mawili yenye jibu moja yanapaswa kuwa na ufunguo mmoja, na yenye majibu tofauti yawe na funguo tofauti. Sentensi hiyo ni rahisi kuisema, na karibu makosa yote ya kache huzaliwa pale inapovunjwa.

Upande mmoja wa kosa ni funguo nyingi mno. Dashibodi nyingi hutunga hoja kwa kuweka saa ya wakati huohuo, hadi sekunde, kama mwisho wa kipindi. Aliyefungua saa 4:10:07 na aliyefungua saa 4:10:09 huonekana wameuliza maswali mawili, na kache haigongwi hata mara moja ingawa imewekwa vizuri. Tiba yake ni kukata muda hadi mwanzo wa dakika au wa saa kabla ya kutengeneza ufunguo. Vichujio navyo hupangwa kwa mfuatano mmoja, ili aliyechagua Mwanza kisha Dodoma na aliyechagua Dodoma kisha Mwanza wakutane kwenye jibu moja. MySQL iliwahi kuwa na kache ya majibu ndani yake, nayo ilidai maandishi ya hoja yafanane herufi kwa herufi. Badiliko lolote kwenye jedwali lilifuta majibu yote yaliyotokana na jedwali hilo. Kwenye mfumo unaouza tiketi kila sekunde, kache ya namna hiyo haipati nafasi ya kusaidia. Iliondolewa katika toleo la 8.0.

Upande wa pili, ulio hatari zaidi, ni funguo chache mno. Neno “leo” likiingia kwenye ufunguo, mtazamaji wa saa sita na dakika mbili usiku hupewa mapato ya jana kwa jina la leo. Ufunguo ubebe tarehe kamili, na tarehe hiyo ihesabiwe kwa saa za Afrika Mashariki. Seva nyingi hufuata UTC, ambayo iko nyuma kwa saa 3, kwa hiyo “siku mpya” kwao huanza saa tisa usiku kwetu, na tiketi za mabasi ya alfajiri zilizouzwa kabla ya hapo huhesabiwa siku isiyo yake.

Kuna kosa baya kuliko hilo. Tuseme mameneja wa vituo nao wanaruhusiwa kuingia, kila mmoja aone kituo chake tu, na ulinzi umewekwa ndani ya PostgreSQL kwa kanuni za safu, utaratibu uliopo tangu toleo la 9.5. Maandishi ya hoja ni yaleyale kwa wote. Kinachobadilika ni nani anayeuliza. Ufunguo ukitokana na maandishi hayo pekee, atakayefungua wa kwanza ndiye ataamua wengine wote waone nini. Akitangulia mkurugenzi, meneja wa Singida ataona mapato ya nchi nzima. Akitangulia meneja, mkurugenzi ataona ya Singida na kudhani kampuni imefilisika. Kwa hiyo upeo wa anayeuliza lazima uwemo kwenye ufunguo:

```
ripoti:njia:v3:kituo=12:2025-02-09:2025-03-10
```

Ile `v3` ni toleo la hoja. Mtaalamu akirekebisha hesabu, labda aondoe tiketi zilizofutwa, anapandisha namba hiyo na majibu ya zamani hayaguswi tena, yatajifia yenyewe.

Hapo ndipo unapoingia muda wa kuishi. Jibu likipewa sekunde 60, lile deni la sekunde 640 linapaswa kushuka hadi sekunde 8 kwa dakika. Ni hesabu nzuri, ila inasahau kinachotokea sekunde ya 61. Jibu limekufa. Mtazamaji wa kwanza anakuta patupu na kuanzisha hesabu ya sekunde 8. Katika sekunde hizo 8 wengine kama 10 wanafika, nao wanakuta patupu, nao wanaanzisha hesabu ileile. Hoja 10 au 11 zinakimbia kwa mpigo, zinagombania diski na viini, zinapunguzana kasi, na kadiri zinavyochelewa ndivyo wanaoingia patupu wanavyoongezeka. Jumla ya kazi imepungua, lakini kila dakika seva inapigwa wimbi, na kwenye grafu ya matumizi ya kichakataji huonekana meno kama ya msumeno yaliyoachana kwa sekunde 60. Mwenye kuona meno hayo hana haja ya kutafuta sababu mbali.

Kuzuia wimbi kunahitaji mambo mawili yaende pamoja. La kwanza ni kufuli: anayekuta jibu limekwisha muda hujaribu kwanza kuchukua haki ya kulihesabu.

```
SET kufuli:ripoti:njia:v3:kituo=12 a7f3 NX EX 60
```

`NX` humaanisha “andika ikiwa tu halipo”, kwa hiyo mmoja tu hufanikiwa. `EX 60` hufanya kufuli lifunguke lenyewe baada ya sekunde 60, endapo aliyelishika ameanguka katikati ya kazi. Muda huo uzidi kwa mbali muda wa hoja. Ukiwa sekunde 5 kwa hoja ya sekunde 8, kufuli litafunguka mwenye kazi akiwa bado anahesabu. Thamani `a7f3` ni alama ya bahati nasibu ya aliyelishika, ili anapomaliza afute kufuli lake mwenyewe, si la mwingine aliyekuja baadaye.

La pili ni kuamua wafanye nini wale waliokosa kufuli. Kuwasubirisha sekunde 8 kunawezekana, lakini kuwapa kiporo ni bora. Jibu huwekewa mihula miwili: kwa sekunde 60 ni bichi, kisha hadi dakika 10 ni kiporo, bado linalika, huku mmoja akipika jipya pembeni. Baada ya dakika 10 ndipo Redis hulifuta. Kwa mpango huu mtazamaji hangoji, ila kwa ufunguo usiotazamwa mara kwa mara. Sharti ni moja tu: saa ya hesabu ihifadhiwe pamoja na jibu na ionyeshwe kwenye mchoro, “hadi saa 4:10”. Bila hiyo, mhasibu atalinganisha michoro miwili iliyopikwa nyakati tofauti, jumla zikatae, na lawama ziende kwa data.

Hata hivyo, kila baada ya dakika bado siku 30 zinajumlishwa upya, wakati 29 kati yake zimefungwa. Njia iliyo karibu ni mwonekano uliohifadhiwa wa PostgreSQL, `MATERIALIZED VIEW`, uliokuja na toleo la 9.3. Amri yake ya kuburudisha huwazuia wasomaji hadi imalize; `REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY` haiwazuii, ila hudai faharisi ya kipekee. Zote mbili huhesabu kila kitu upya. Kwa ripoti ya siku, jedwali la kawaida la muhtasari hufaa zaidi: safu moja kwa njia, kituo na siku, inayoandikwa mara moja siku ikifungwa. Dashibodi husoma safu hizo chache na kujumlisha leo tu kutoka kwenye mauzo ghafi. Kache hubaki mbele yake, lakini sasa inalinda hoja ya sehemu ya sekunde.

Tatizo la muhtasari ni nauli zinazorudishwa. Abiria akirudishiwa pesa leo kwa tiketi ya wiki iliyopita, na mfumo ukasahihisha safu ya zamani, siku “iliyofungwa” imebadilika kimyakimya. Ama marejesho yaandikwe kama safu mpya hasi ya leo, kama wahasibu wanavyofanya, ama kila sahihisho liache alama ya siku ya kuhesabiwa upya usiku.

Kuhakikisha yote haya yanafanya kazi, takwimu za Redis, `keyspace_hits` na `keyspace_misses`, hazitoshi, kwa sababu uwiano wa asilimia 87 unaweza kuficha wimbi la kila dakika. Kinachosema kweli ni kiendelezi cha `pg_stat_statements` kwenye PostgreSQL. Kiendelezi hicho huhesabu miito ya kila hoja bila kujali tarehe zilizomo, na kwa kuwa hujumlisha tangu mwanzo, husomwa mara mbili kwa kuachana saa moja:

```sql
SELECT calls, mean_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC LIMIT 5;
```

Kwa mchoro wa makao makuu peke yake, ongezeko la `calls` karibu na 60 kwa saa ni dalili kwamba kache na kufuli vinafanya kazi. Likikaribia 640, kufuli halishiki. Likiwa 4,800, kila ombi linafika kwenye hifadhidata, na pa kutazama kwanza ni ufunguo: mahali fulani bado umebeba sekunde.