Pesa na ya Kutolea: Kulisoma Jedwali la Ada za M-Pesa

Nchini Kenya, pesa inayotumwa kwa M-Pesa kisha ikatolewa kwa wakala hukatwa ada mara mbili. Ada ya kwanza hutoka kwenye salio la mtumaji, wakati uleule wa kutuma. Ya pili hutoka kwenye salio la mpokeaji, pale anapozitoa ziwe noti. Katikati hapakatwi kitu: kiasi kilichotumwa huingia kwa mpokeaji kikiwa kamili. Kwa hiyo, anayeuliza mpokeaji atapata shilingi ngapi huwa anauliza mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi kitakachoonekana kwenye simu na kiasi kitakachoshikwa mkononi. Mtu anapoambiwa "tuma na ya kutolea", linalotakiwa ni hilo la pili, na hesabu yake huhitaji kuingia kwenye jedwali mara mbili, kila mara kwa kiasi tofauti.

Jedwali la ada limepangwa kwa madaraja. Kila daraja lina kiasi cha chini na cha juu, na miamala yote iliyo ndani yake hutozwa ada moja. Anayetoa shilingi 7,600 na anayetoa 10,000 hulipa sawa, ilhali anayetoa 10,001 amekwisha kuvuka kwenda daraja la juu. Ada zilizoandikwa tayari zina ushuru wa bidhaa ndani yake, hivyo hakuna asilimia ya kuongeza pembeni. Hii ni sehemu ya jedwali la Safaricom lililoanza kutumika Julai 2023, wakati ushuru huo ulipopandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Viwango vyote ni shilingi za Kenya.

| Kiasi cha muamala | Kutuma | Kutoa kwa wakala |
|---|---|---|
| 1,501–2,500 | 33 | 29 |
| 2,501–3,500 | 53 | 52 |
| 3,501–5,000 | 57 | 69 |
| 5,001–7,500 | 78 | 87 |
| 7,501–10,000 | 90 | 115 |
| 10,001–15,000 | 100 | 167 |

Safu mbili za ada hazifanani. Katika madaraja mawili ya kwanza ya sehemu hii kutuma na kutoa hukaribiana, lakini kuanzia 3,501 kwenda juu kutoa ni ghali zaidi, na kuanzia 5,001 tofauti huzidi kupanuka. Ndiyo maana anayeangalia safu ya kutuma peke yake hushangaa mpokeaji anapolalamika kwamba zimepungua. Kutoa kwenye mashine ya ATM nako kuna ada na madaraja yake, na safu ya wakala haifai kwa hesabu hiyo.

Chukua mfano wa kijana aliyeko Nairobi ambaye mama yake, aliyeko Kilifi, anahitaji noti za shilingi 10,000 kamili kulipa fundi. Salio la mama ni sifuri. Kijana akituma 10,000 tu, atakatwa 90, na jumla itakayotoka kwake ni 10,090. Mama ataona 10,000 kwenye simu, lakini hawezi kuzitoa zote, kwa kuwa ada ya kutoa lazima itoke humohumo. Atatoa 9,885, zikatwe 115, na salio lirudi sifuri. Fundi atabaki anadai 115. Kwa vitendo upungufu huweza kuwa mkubwa kidogo, kwa sababu wakala asiye na sarafu humwomba mteja atoe kiasi cha noti, na kinachozidi hubaki kwenye simu.

Hesabu sahihi huanzia mwisho, kwenye noti, ndipo irudi kwa mtumaji. Hatua ya kwanza ni kutafuta kiasi kitakachotolewa, yaani 10,000, katika safu ya kutoa. Kimo katika daraja la 7,501–10,000, na ada ni 115. Hatua ya pili ni kujumlisha: mama anatakiwa apokee 10,115. Hatua ya tatu ni kukitafuta kiasi hicho kipya, 10,115, katika safu ya kutuma. Sasa kimeingia daraja la 10,001–15,000, na ada yake ni 100 badala ya 90. Jumla itakayotoka kwa kijana ni 10,215, ambazo 10,000 ni za fundi na 215 ni ada za pande zote mbili.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kubaki na ada ya kutuma ya 90, kwa kuwa ndiyo iliyosomwa mwanzo kwenye mstari wa 10,000. Kijana mwenye 10,205 kwenye simu angeamini zinatosha, kumbe anapungukiwa na shilingi 10, na muamala ungekataliwa. La pili ni kuitafuta ada ya kutoa kwa kiasi kilichopokewa. Anayeangalia mstari wa 10,115 katika safu ya kutoa atasoma 167, atume 10,167, na kumzidishia mama shilingi 52 zisizo na kazi. Kanuni inayozuia makosa yote mawili ni hii: ada ya kutoa husomwa kwa kiasi kinachotolewa, na ada ya kutuma husomwa kwa kiasi kinachotumwa. Salio lililomo kwenye simu haliamui ada yoyote kati ya hizo.

Kama mtumaji ana shilingi 10,000 tu na hawezi kuongeza, hesabu huenda mbele badala ya kurudi nyuma. Katika 10,000 hutolewa 90 za kutuma, na 9,910 humfikia mpokeaji. Katika hizo hutolewa 115, na noti huwa 9,795. Kila baada ya kutoa ada, jibu hurudishwa kwenye jedwali ili kuhakikisha kwamba bado limo katika daraja lililotumika. Vyote viwili, 9,910 na 9,795, vimo katika daraja la 7,501–10,000, kwa hiyo hesabu imekubali.

Kurudisha jibu kwenye jedwali huonekana kama kazi ya ziada, lakini karibu na mpaka wa daraja bila hatua hiyo jibu huwa si sahihi. Mtu aliyepokea 2,550 akitazama mstari wa 2,501–3,500 ataona ada ya 52, na kutoa kutampa jibu la 2,498. Lakini 2,498 haimo katika mstari huo. Imo katika ule wa chini yake, ambao ada ni 29. Akijaribu sasa kwa 29 atapata 2,521, nayo imevuka mpaka wa juu wa 2,500. Mistari yote miwili inakataa. Inapotokea hivyo, kiasi kikubwa kinachoweza kutolewa ni ule mpaka wenyewe: atatoa 2,500, atakatwa 29, na 21 zitabaki kwenye simu. Hali hiyo humpata kila mwenye salio kati ya 2,530 na 2,552. Wote hao hutoka na noti zilezile 2,500, na tofauti yao ni chenji inayobaki. Shilingi ya kwanza kutoka mkononi zaidi ya 2,500 huhitaji salio la 2,553.

Kwa mtumaji, hilo lina maana ya moja kwa moja. Kumwongezea mtu shilingi 20 juu ya 2,529 hakumpi noti hata moja zaidi, ingawa zinaweza kumfaa kwa muda wa maongezi au kutumwa tena. Kadhalika kama mpokeaji atalipia bidhaa dukani kwa Lipa na M-Pesa kwenye namba ya till, hakuna ya kutolea ya kuhesabiwa, kwa sababu mnunuzi hatozwi ada hapo.

Kukata muamala vipande hubadilisha gharama, na mwelekeo wake hutegemea kiasi. Kutoa 10,000 kwa mkupuo ni 115, lakini kutoa 5,000 mara mbili ni 138. Kwa upande mwingine, kutoa 5,000 kwa mkupuo ni 69, ilhali 2,500 mara mbili ni 58. Katika kutuma, mkupuo ni nafuu hata kwa 5,000: 57 dhidi ya 66. Mteja aliyeomba kutoa 10,000 akaletewa ujumbe mbili za 5,000 amelipa 23 zaidi bila sababu, na dalili pekee atakayoiona ni hizo ujumbe mbili.

Uhakiki wa mwisho hufanywa kwa ujumbe wa M-Pesa wenyewe. Ujumbe wa anayetuma au anayetoa, ukija kwa Kiingereza, huwa na maneno `Transaction cost`, na kiasi kilichoandikwa hapo ndicho cha kulinganisha na jedwali. Kisha salio jipya, kiasi cha muamala na ada vikijumlishwa lazima virudishe salio la zamani. Kijana akiwa na 10,700 kabla ya kutuma, ujumbe wake utaonyesha 10,115 zilizotumwa, ada ya 100 na salio jipya la 485. Jumla yake ni 10,700. Ada ya kutoa nayo hukatwa na mfumo kwenye salio. Wakala anayehesabu noti pungufu akidai anakata ya kutoa anamtoza mteja mara ya pili, na ujumbe huthibitisha hilo kwa kuwa ada imekwisha kuandikwa humo.

Hesabu ikikubali upande wa mtumaji lakini salio la mpokeaji likawa dogo kuliko ilivyotarajiwa, jambo la kwanza la kuangalia ni Fuliza. Huduma hiyo, iliyozinduliwa Januari 2019, humwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lisipotosha, na deni lake hujilipa lenyewe pesa inapoingia. Mama mwenye deni la Fuliza la 600 akipokea 10,115 atabaki na 9,515. Akiwa na ada ya 115, atatoa 9,400. Jedwali halikukosewa na hakuna ada iliyozidi. Kilichopungua ni deni, na huonekana katika ujumbe wake mwenyewe wa malipo ya Fuliza.

Nje ya Kenya hatua ni zilezile, lakini safu huongezeka. Mitandao mingine hutenganisha kutuma ndani ya mtandao na kutuma kwenda mtandao mwingine. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, tozo ya serikali ilikatwa juu ya ada ya mtandao, hivyo kila muamala ulihitaji kusomwa katika majedwali mawili, na Septemba ya mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kabla ya kuhesabu, basi, hutazamwa tarehe ya jedwali na iwapo kodi na tozo zimo ndani ya ada au zimewekwa kando. Baada ya hapo ada ya kutoa husomwa kwa kiasi cha noti, huongezwa, na jumla hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye safu ya kutuma.