Sakafu Inayoonekana Kabla Kigae Hakijawekwa

Ukitoka njia panda ya Chalinze kuelekea Segera, barabara inapita Lugoba, ambako malori ya kokoto hupishana na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Pingo, Chalinze, kuna kiwanda cha Twyford kilichoanza kuzalisha vigae mwaka 2017. Nyumba nyingi zinazojengwa kando ya barabara hii sasa huwekwa vigae, na anayejenga anataka kuiona sakafu yake kabla ya kutoa fedha. Kipande kimoja alichokishika mkononi dukani hakimwonyeshi ukumbi mzima utakavyokuwa.

Hapo ndipo mbunifu wa picha za kompyuta anapoingia kazini. Wabunifu huiita kazi hiyo kurenda: unaipa programu umbo la bidhaa, sifa za uso wake, taa na kamera, kisha unaiacha ipige hesabu ya namna mwanga ungesafiri kama vitu hivyo vingekuwapo kweli. Msingi wa hesabu hiyo uliandikwa na James Kajiya mwaka 1986, na leo uko ndani ya programu za bure kama Blender. Maduka makubwa yalishaizoea njia hii zamani. Ikea ya Sweden iliingiza picha yake ya kwanza ya aina hiyo, ya kiti cha mbao kiitwacho Bertil, kwenye katalogi yake mwaka 2006.

Kigae ni mtihani mzuri kwa sababu umbo lake halina pa kujificha. Kiti kina miguu, mikunjo na vivuli vya kumshughulisha mtazamaji. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 ni mraba bapa tu, kwa hiyo picha ikionekana ya kweli au ya uongo, sababu ni uso, mwanga au mahali kamera iliposimama.

Tuchukue kazi ya kawaida: mteja anajenga nyumba ya wageni Lugoba, na ukumbi wa mapokezi una mlango mpana unaotazama mashariki. Amechagua kigae cheupe chenye madoadoa ya kijivu na glezi inayong'aa. Anataka kuona ukumbi utakavyokuwa.

Glezi ni tabaka jembamba la kioo lililoyeyushwa juu ya udongo ndani ya tanuru. Mwanga ukiufikia uso huo, sehemu yake hurudi palepale juu ya kioo, na iliyobaki hupenya, hugusa rangi iliyo chini na kutoka ikiwa na rangi hiyo. Kiasi kinachorudi juu hutegemea pembe, na mahesabu yake yalifanywa na Mfaransa Augustin Fresnel, aliyefariki mwaka 1827. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 kutoka chini akitazama kigae kilicho mita moja mbele yake, uso wa glezi humrudishia asilimia 4 tu ya mwanga. Anaona rangi na madoadoa. Akiinua macho na kutazama kigae kilicho mita 6 mbele, kiasi hicho kinafika asilimia 25. Pale haoni tena madoadoa vizuri. Anaona mlango, ukuta na mguu wa meza vikiwa vimegeuka juu chini.

Kigae ni kilekile, sakafu ni ileile. Mbunifu asiyejua jambo hili huhangaika kuongeza mng'ao kwa mkono, ilhali programu inaufanya yenyewe akiipa namba sahihi. Katika Blender namba hiyo huitwa IOR, na kwa glezi 1.5 inatosha. Inayohitaji uangalifu zaidi ni Roughness, yaani ukwaruzo mdogo wa uso usioonekana kwa macho. Ikiwa 0.05, ukingo wa mlango kwenye sakafu utakuwa mkali, ikiwa 0.4, mlango utabaki kuwa wingu la mwanga lisilo na mipaka. Njia ya kuikadiria haihitaji chombo cha maabara. Simamisha rula juu ya kigae karibu na dirisha, kisha tazama taswira yake. Pale rula inapogusa kigae taswira huwa kali. Kadiri unavyopanda juu ya rula ndivyo inavyofifia. Rudia jaribio hilo ndani ya kompyuta, kwa rula ya kuchora, na ubadilishe namba mpaka taswira ififie mahali palepale.

Weupe nao una mtego wake. Anayetaka kigae cheupe huvutiwa kuweka Base Color mwisho kabisa, yaani 1. Hakuna rangi ya ukutani wala kigae kinachorudisha mwanga wote. Cheupe safi hurudisha takribani asilimia 80. Ndani ya chumba mwanga unaruka kutoka sakafuni kwenda ukutani, kutoka ukutani kwenda darini, na kila mruko unabeba kosa la kwanza. Chumba ambacho nyuso zake zote hurudisha asilimia 80 hujilimbikizia mwanga mara 5 ya ule ulioingia. Zikirudisha asilimia 90, ni mara 10. Kosa dogo la weupe limeufanya ukumbi uwe na mwanga maradufu, na mteja ataingia kwenye ukumbi halisi akiuona wa giza kuliko alioahidiwa.

Sasa jua. Wabunifu wengi hupakua anga zilizopigwa picha tayari, na nyingi zimetoka nchi za baridi, ambako jua la mchana hukaa chini na vivuli hurefuka. Lugoba iko karibu nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini karibu na tarehe 4 Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Hata Juni, linapokuwa upande wa kaskazini, adhuhuri hufika nyuzi 60 juu ya upeo. Picha ya ukumbi wa Lugoba yenye mwanga mrefu wa dhahabu saa sita mchana ni picha ya ukumbi mwingine.

Kwa mlango wetu wa mashariki hesabu ni rahisi. Saa mbili asubuhi mwezi Machi au Oktoba, jua liko kama nyuzi 24 juu. Mlango una urefu wa mita 2.1, hivyo mwanga unaingia sakafuni zaidi ya mita 4 na nusu, kama hakuna kibaraza cha kuukata. Kufika saa nne jua limepanda hadi nyuzi 53 hivi, na mwanga umerudi nyuma mpaka mita 1.6 kutoka mlangoni. Kwa hiyo mteja anapaswa kuonyeshwa picha mbili, kwa kuwa asubuhi mwanga utafika hadi meza ya mapokezi na baadaye hautafika. Na ukingo wa mwanga huo usiwe mkali kama uliokatwa kwa wembe. Jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi angani, na kwa sababu hiyo kivuli cha kitu kilicho mita 2 mbali huwa na ukingo uliofifia wa karibu sentimita 2. Katika Blender upana huo umo kwenye kipimo cha Angle cha taa ya jua. Ukipunguzwa hadi sifuri, jicho la mtazamaji linakataa picha hata kama mwenyewe hajui kwa nini.

Kamera ndiyo inayodanganya kwa urahisi zaidi. Picha nyingi za matangazo ya sakafu huchukuliwa kamera ikiwa sentimita 30 kutoka chini, kwa sababu hupendeza. Rudi kwenye hesabu ya Fresnel uone kinachotokea: kutoka kimo hicho, kigae kilicho mita 6 mbele hurudisha karibu robo tatu ya mwanga unaokigusa. Sakafu imegeuka kioo. Hakuna mgeni atakayeingia mapokezi akitambaa, kwa hiyo mng'ao ule hakuna atakayeuona. Kwa picha ya kumsaidia mteja kuamua, kamera iwe mita 1.5 au 1.6 juu.

Lenzi nayo ipewe nafasi yake. Ukumbi mdogo humshawishi mbunifu atumie lenzi ya milimita 18, inayoona nyuzi 90 kwa upana, na vigae vya pembeni huvutika mpaka mraba unaonekana mstatili. Mteja atadhani amechaguliwa kigae cha sentimita 60 kwa 120. Lenzi ya milimita 35, yenye nyuzi 54, hutuliza mambo. Kamera ya kompyuta inaweza kurudi nyuma ikapita ukutani, jambo ambalo mpiga picha hawezi, lakini ikirudi sana ukumbi utaonekana mpana kuliko ulivyo. Mita moja nyuma ya ukuta inatosha.

Picha ikiwa na vyote hivyo inaweza bado kuonekana ya plastiki, na hapa chanzo kwa kawaida ni usafi wa kupita kiasi. Fundi, hata akiwa hodari, hawezi kulaza kila kigae katika ubapa uleule. Kigae kikiinama kwa sehemu ya tano tu ya nyuzi moja, taswira inayorudi hupinda mara mbili yake. Ukingo wa mlango ulio mita 4 mbali utaruka karibu sentimita 3 kwenye kila grauti. Mivunjiko hiyo midogo ndiyo inayoliambia jicho kwamba hii ni sakafu iliyowekwa na mtu. Mbunifu hukipa kila kigae mwinamo wake mdogo wa kubahatisha, hukiviringishia kingo kwa milimita moja, na kuacha grauti ya milimita 2 au 3 isiyong'aa. Madoadoa pia yasirudiwe yaleyale kila kigae. Boksi moja la kiwandani huwa na michoro kadhaa tofauti, basi ipigwe picha kadhaa, kivulini, kamera ikitazama moja kwa moja chini, pamoja na kadi ya kijivu ya kusahihishia rangi.

Linabaki suala la chembechembe. Programu hukisia njia za mwanga kwa kubahatisha, na ili kupunguza chembechembe kwa nusu inabidi iongeze majaribio mara nne, na muda nao mara nne. Kwenye kompyuta ya kawaida kishawishi ni kuiachia programu ifute chembechembe yenyewe. Kwa kigae hiki ni hatari, kwa maana kifutio kinaweza kudhani madoadoa ya kijivu ni uchafu wa hesabu na kuyalainisha. Dalili yake huonekana ukikuza picha mpaka ukubwa wake kamili: vigae vya mbele vina madoadoa, vya mbali kidogo vimekuwa kama vimepakwa maziwa. Dawa ni kuongeza majaribio kwanza, kisha kutumia kifutio kwa kiasi.

Mteja akipewa picha mbili hizo pamoja na kigae chenyewe, swali lake huwa la mvua: wageni watateleza? Picha haiwezi kujibu. Namba ya Roughness inaeleza mwanga unavyotawanyika, haielezi mguu unavyoshika, na uso unaong'aa kidogo unaweza kuteleza au usiteleze. Kinachoweza kurendwa ni sakafu iliyolowa karibu na mlango, ambako maji hujaza mikwaruzo na kufanya hata kigae kisichong'aa king'ae. La utelezi hujaribiwa kwa kigae halisi, ndoo ya maji na soli ya kiatu.