Gemu na Vijana Wetu (2): Saa Peke Yake Si Kipimo

Mzazi wa Same mjini anayemwona kijana wake wa kidato cha tatu akicheza gemu kwenye simu saa sita kwa siku, likizo nzima ya Desemba, ana haki ya kuuliza kama huo ni ugonjwa. Saa hizo peke yake haziwezi kumjibu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, haikutaja idadi ya saa. Inataka mambo matatu yaonekane pamoja: kijana ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine, na anaendelea ingawa madhara yako wazi. Tena hali hiyo iwe imevuruga vibaya masomo, familia au urafiki, kwa kawaida kwa miezi 12, au chini ya hapo dalili zikiwa kali.

Tuseme kijana huyo wa likizo akiitwa kuvuna tangawizi kwa bibi yake Mamba Miamba, hununa kidogo kisha huenda, na shule zikifunguliwa anasoma na kulala kama kawaida. Huyo anacheza sana, basi. Mwenzake wa shule ya kutwa anacheza saa tatu tu, lakini hadi saa nane usiku. Anasinzia darasani, ameacha timu ya mpira, anadanganya kuhusu fedha za bando, na ameahidi kuacha mara kadhaa akashindwa. Mwenye saa chache ndiye wa kutushughulisha.

Wapo watafiti waliopinga utambuzi huu, wakihofia kwamba mchezo wa kawaida utaitwa maradhi na kwamba gemu mara nyingi ni kimbilio la kijana mwenye huzuni au anayeonewa. Hofu yao ina msingi, ndiyo maana kigezo cha madhara ni cha lazima. Lakini kijana anayekimbilia gemu kwa huzuni naye anahitaji msaada. Mzazi aulize kipi kilitangulia.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku. Korea Kusini ilijaribu: kuanzia 2011 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni tangu usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi, lakini usingizi uliongezeka kidogo mno, na mwaka 2021 ikaamua kuifuta sheria hiyo. Nyumbani, mpaka unaoshika ni ule uliokubaliwa mapema: simu ilale chumbani kwa wazazi, kazi za shule zitangulie, na mchezo ukome mechi inapoisha, kwa kuwa kumnyang'anya katikati huzaa ugomvi usio na faida. Mzazi naye aweke simu yake kando mchezo unapokoma.

Mkiushika mpango huo kwa wiki kadhaa na bado kijana halali, haendi shule au anatishia kujidhuru mnapomzuia, mpelekeni hospitali ya wilaya. Kwa tishio la kujidhuru, msisubiri hata siku moja.