Tarehe 30 Aprili haitawezekana

Mikataba mingi midogo ya ujenzi mkoani Simiyu hubeba kosa lake kwenye ukurasa wa tarehe. Fedha hufika Desemba au Januari, mkataba husainiwa mwanzoni mwa Februari, muda wa kazi huandikwa miezi mitatu, na makabidhiano huangukia mwisho wa Aprili. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Tatizo liko ardhini, kwa sababu Machi na Aprili ni masika, na sehemu kubwa ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Lori la tani 7 likiiacha barabara kuu siku ya mvua, halifiki saiti wala halirudi.

Kwa hiyo kila mwaka, wiki za mwisho za Aprili, wakandarasi wadogo wa Bariadi huandika barua pepe za namna moja. Huanza na "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu", hupita kwenye "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na huishia kwenye "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, kazi ipo hatua za mwisho". Anayezipokea mara nyingi ni mratibu wa mradi aliyeko Mwanza au Dar es Salaam, ambaye naye ana mfadhili wa kumjibu. Akimaliza kuzisoma hajui kazi imefika wapi, itaisha lini, wala afanye nini kesho yake asubuhi. Anachofanya kinajulikana: anampigia simu mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji. Kuanzia hapo habari za saiti anazipata kwa watu wengine, na mkandarasi amekwisha kupoteza kitu kikubwa kuliko siku alizochelewa.

Hapo hajaitwa mwongo bado. Lakini mkoa huu masikio yake yamezoea. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017 kwa ajili ya wilaya hizi hizi, ulitajwa mikutanoni kwa miaka kabla ya watu kuona mabomba yakilazwa. Miradi mikubwa ina sababu zake ndefu za kuchelewa, na sitaki kuilinganisha na madarasa mawili. Ila lugha ya "hatua za mwisho" imeshatumika mno hapa, na mkandarasi mdogo anayeiazima anaazima na mashaka yake.

Tuchukue mfano, niliouunda mwenyewe kwa vipimo vya kawaida vya kazi hizi. Ni madarasa mawili na ofisi ndogo, katika kijiji cha Itilima kilicho kilomita 4 kutoka barabara kuu. Bei ya mkataba ni shilingi milioni 60, na fidia ya ucheleweshaji iliyoandikwa ni asilimia 0.1 ya bei kwa kila siku. Makabidhiano ni 30 Aprili. Leo ni 21 Aprili. Kuta zimesimama, paa limeezekwa, lipu imekauka, mawe ya chini ya sakafu yameshindiliwa. Kilichobaki ni zege la sakafu, milango na madirisha, mbao za kuandikia na rangi. Mchanga na kokoto vya sakafu havipo saiti. Lori limekwama mara mbili na dereva amekataa kurudi.

Kabla ya kuandika neno lolote, mkandarasi huyu ana swali moja la kujibu kwa uaminifu: mvua ndiyo iliyomchelewesha? Jibu jepesi ni ndiyo. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, na hata bila hiyo, hakuna mtu Simiyu asiyejua kwamba Aprili hunyesha. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida huongeza muda kwa hali ya hewa iliyozidi mazoea, si kwa masika yaliyokuja kama masika. Mteja akisoma "mvua" atajiuliza mkandarasi alikuwa akingoja nini Februari, barabara ilipokuwa kavu. Na jibu lake, ambalo fundi wa kwanza saiti atamwambia, ni kwamba kokoto zilipaswa kurundikwa wakati ule, na hazikurundikwa kwa sababu fedha ya awali ilinunua mabati kwanza. Hilo ndilo la kuandikwa. Linauma kidogo, lakini sababu ya namna hiyo ina faida moja ambayo mvua haina: mkandarasi anaweza kuirekebisha, na mteja anaona hivyo.

Swali la pili ni la hesabu. Tarehe mpya haitoki moyoni. Sakafu ya madarasa mawili, ofisi na baraza ni kama mita za mraba 156; kwa unene wa sentimita 10 ni karibu mita za ujazo 16 za zege. Zege la moja kwa mbili kwa nne la kiasi hicho linataka mifuko isiyopungua 100 ya saruji, mchanga mita za ujazo 7 na kokoto 14, yaani mchanga na kokoto pekee tani kama 33. Lori haliwezi kupita, lakini trekta lenye trela linaweza, na matrekta hayakosekani katika nchi ya pamba. Trela likibeba tani 3 ni safari 11. Kwa safari 3 kwa siku kavu ni siku 4. Baada ya mvua kubwa njia huhitaji siku moja au mbili kabla haijabeba trekta, kwa hiyo siku 4 zifanywe 8: vifaa vyote viwe saiti ifikapo 29 Aprili. Kumwaga zege ni siku 3, na Mei Mosi si siku ya kazi, basi ni hadi 3 Mei. Kumwagilia sakafu siku 7, hadi 10 Mei. Hizo hazipunguzwi hata mteja akiomba, kwani sakafu iliyokaushwa haraka huanza kumeng'enyuka na kutoa vumbi kabla ya muda wa matazamio kuisha. Milango, madirisha, mbao na rangi siku 6, hadi 16 Mei. Siku 4 za akiba zinatufikisha 20 Mei.

Mvua sasa inagusa sehemu moja tu ya ratiba hii, usafirishaji, kwa kuwa kazi nyingine zote ziko chini ya paa. Mteja akiliona hilo ataacha kuogopa mawingu.

Simu ipigwe kwanza. Huku kwetu habari mbaya haitumwi kwa maandishi peke yake, na mratibu ataona amedharauliwa. Kisha, siku hiyo hiyo, barua pepe ifuate:

Mada: Madarasa ya Itilima hayatakabidhiwa 30 Aprili, tarehe mpya ni 20 Mei

Ndugu Mratibu, salaam.

Kama tulivyozungumza kwa simu leo, hatutaweza kukabidhi madarasa tarehe 30 Aprili. Tutakabidhi 20 Mei. Tunaomba radhi, hasa kwa kuwa hafla ya makabidhiano ilishapangwa na wageni wamealikwa.

Kosa ni letu. Mchanga na kokoto vya sakafu tulipaswa kuvifikisha saiti Februari, kabla ya masika. Hatukufanya hivyo, na sasa lori halipiti.

Kuanzia kesho trekta litabeba vifaa hivyo kutoka barabara kuu, safari 11, kwa gharama yetu. Vyote vitakuwa saiti ifikapo 29 Aprili. Zege litakamilika 3 Mei, litamwagiliwa hadi 10 Mei, na milango, madirisha, mbao na rangi vitakamilika 16 Mei. Siku nne zilizobaki ni za akiba.

Fidia ya ucheleweshaji kwa siku 20, shilingi 1,200,000, ikatwe kwenye hati ya malipo ya mwisho kama mkataba unavyosema.

Tunaomba jambo moja kwako: usogeze hafla hadi baada ya 20 Mei. Jioni ya 29 Aprili nitakutumia hesabu ya safari na picha za vifaa. Nakala ya barua hii wameipata mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Barua hii inasomeka kwa dakika moja. Habari mbaya iko kwenye mada, ambako mratibu ataiona hata akiwa safarini. Radhi imeombwa mara moja, na imeelekezwa kwenye hasara halisi ya mteja, ile hafla, badala ya "usumbufu" usio na sura. Fidia imetajwa kabla mteja hajalazimika kuidai. Nimesikia wakandarasi wakisema hilo ni kujichongea, kwamba huenda mteja angesahau. Hasahau, mkaguzi wake humkumbusha. Milioni moja na laki mbili itakatwa kwa vyovyote, na kuitaja mapema ndiyo faida pekee utakayoipata kwayo. Nakala kwa mwalimu mkuu nayo haikuwekwa kwa adabu tu. Mratibu atampigia, na mwandishi ameonyesha kwamba haogopi simu hiyo.

Kuna jambo barua hii haiwezi kulibeba. Kama sehemu ya ucheleweshaji imetoka kwa mteja mwenyewe, tuseme hati ya pili ya malipo ilikaa mezani wiki tano, mkandarasi ana haki ya kudai nyongeza ya muda, lakini dai hilo liende kwa barua yake, kwa njia ambayo mkataba umeitaja. Mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999 inampa mkandarasi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio. Akipitisha siku hizo, dai limekufa hata likiwa la kweli. Mkandarasi makini ameshalituma wakati hati ilipochelewa, si leo. Akilichanganya na radhi, radhi itasomeka kama ujanja na dai litasomeka kama kisingizio. Na "kosa ni letu" liandikwe pale tu ambapo ni kweli, kwa kuwa siku ya mgogoro mwanasheria wa upande wa pili ataifungua barua hiyo hiyo.

Imani yenyewe haitarudi 21 Aprili. Itaanza kurudi jioni ya 29, na ndiyo sababu ya kuiweka ile ahadi ndogo karibu hivyo: mratibu hatangoja wiki nne kujua kama amedanganywa tena. Tuseme mvua imenyesha usiku mara mbili na safari zilizofika ni 9. Ujumbe uende hivyo hivyo, saa ile ile iliyoahidiwa: "Safari 9 kati ya 11 zimefika, picha hizi hapa. Mbili zilizobaki ni za kokoto za ofisi na baraza. Kesho tunaanza zege la darasa la kwanza kwa vifaa vilivyopo. Tarehe 20 Mei haijabadilika." Kinachoharibu ni kusubiri hadi tarehe 1 ili kuripoti 11 kamili, maana jioni ya 29 mratibu alikuwa ameshika simu.